Utepe mweupe juu ya ramani: kisa cha kamera ya nyaraka na karatasi inayong'aa

Mazingira

Kisa hiki kilitokea katika shule ya sekondari ambako nilikuwa nasimamia vifaa vya kufundishia. Majina ya shule na ya wahusika nimeyaacha, na chapa ya kamera pia, maana tatizo lenyewe halikuwa la chapa. Vipimo ni vile nilivyovichukua kwa futi kamba siku ile, ila nimeviweka sawa kidogo ili hesabu isomeke.

Mhusika mkuu ni mwalimu wa Jiografia, mzoefu, asiyeogopa vifaa. Somo lake la muhula ule lilikuwa kusoma ramani: kontua, vipimio, alama. Darasa lilikuwa na atlasi chache, na nakala nzuri kuliko zote alikuwa nayo yeye. Ilikuwa kubwa, nene kama sentimita 3, kurasa zake sawa na A4, karatasi yake laini inayong'aa. Juu ya hiyo alikuwa na kadi za ramani zilizopigwa laminesheni. Badala ya wanafunzi kuzunguka meza yake kwa zamu, aliomba kamera ya nyaraka: ile yenye mkono wa kupinda, inayosimama mezani ikitazama chini, na picha yake ikapelekwa kwenye projekta.

Niliifunga mwenyewe. Meza ya mwalimu ilikuwa mbele ya darasa, yeye ameketi akiwatazama wanafunzi, dirisha likiwa mkono wake wa kushoto. Lenzi niliiweka sentimita 40 juu ya meza kwa sababu kwa kimo hicho ukurasa mzima wa A4 ulijaa vizuri kwenye picha. Tulijaribu kwa karatasi ya mazoezi iliyochapwa kwa mashine ya kawaida. Ikatoka safi, kila herufi inasomeka hadi dawati la mwisho. Nikakunja waya zangu nikaondoka. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipoingia, na lilikuwa langu: nilijaribu kifaa kwa karatasi ambayo mwalimu hakukusudia kuitumia.

Kilichotokea

Kipindi cha kwanza cha ramani, mwalimu alifungua atlasi chini ya kamera. Ukutani ramani ikatokea, lakini chini kidogo ya katikati ya ukurasa ulikatiza utepe mweupe, upana wa vidole viwili hivi, kutoka kushoto hadi kulia. Ndani ya utepe ule hapakuwa na rangi wala mistari wala namba. Nje yake, picha yote ilikuwa imefifia na kuwa na kijivu.

Mwalimu aliuliza kimo cha kilima fulani. Mwanafunzi wa nyuma akajibu kwa sauti: 1,840. Kimo kilichoandikwa kilikuwa 1,340. Namba ilikuwa ukingoni mwa utepe, nusu yake imeliwa na weupe, na 3 iliyofifia ikaonekana kama 8. Mwalimu alidhani mtoto hajui kusoma kontua, akatumia dakika kadhaa kumweleza jambo ambalo mtoto alilijua, hadi mwingine aliposema, "Mwalimu, hapo kati hatuoni kitu."

Alijaribu mambo manne, na kila moja lilikuwa na mantiki yake.

Kwanza aliwasha taa ndogo iliyo kwenye kichwa cha kamera, akidhani ukurasa una giza. Utepe ukabaki, na katikati kabisa ya ukurasa pakazuka doa jeupe kali kama tochi. Akaizima.

Kisha akafunga mapazia. Utepe ukabaki pale pale, sasa ukionekana zaidi kwa sababu sehemu nyingine zilikuwa zimepungukiwa mwanga.

Akazima taa za darasa. Utepe ukatoweka! Lakini picha ikawa na chengachenga, kamera ikaanza kutafuta fokasi bila kutulia, ikivuta na kuachia, na wanafunzi hawakuona tena madaftari yao. Swichi ilikuwa moja kwa taa zote, hivyo hakuweza kuzima safu ya mbele peke yake. Akaziwasha.

Mwisho akainamisha kichwa cha kamera, kitazame ukurasa kwa mshazari. Utepe ukasogea ukingoni, ila ramani ikawa pembe nne zisizo sawa, pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na sehemu ya juu ikatoka nje ya fokasi. Kwa somo ambalo wanafunzi wanapima umbali kwa kipimio, ramani iliyopinda ni hasara tupu.

Alipomaliza kipindi alinikuta ofisini. "Fundi," akasema, "kamera yako ina ugonjwa wa macho."

Uchunguzi

Nilichofanya kwanza ni kuuchukua ukurasa ule na kuusogeza taratibu chini ya kamera huku nikitazama ukutani. Ramani ilisogea. Utepe haukusogea. Ulikaa mahali pake kwenye picha, ramani ikipita chini yake kama gari chini ya daraja.

Jaribio hilo la nusu dakika linatenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Weupe ukitembea pamoja na karatasi, sababu iko kwenye karatasi: mkunjo, kovu, au mahali ukurasa ulipovimba. Weupe ukibaki pale pale karatasi ikihama, sababu ni mpangilio wa taa na lenzi, na karatasi ni kioo tu kinachorudisha taswira. Kuna jambo la tatu, weupe uliotapakaa sawasawa ukurasa mzima: hapo kamera imezidisha mwanga, na dawa yake ni kupunguza kwenye menyu. Huo hauna uhusiano na kung'aa.

Kisha nikatoa simu yangu, nikaizima kioo, nikailaza juu ya ukurasa uso ukitazama juu. Kioo cheusi cha simu ni kioo cha kujitazamia kizuri tu. Nikakitazama kupitia picha ya ukutani, wala si kwa macho yangu mwenyewe, kwa kuwa ninachotaka kujua ni kile kinachoonwa na lenzi. Nilipokisogeza kuelekea chini ya ukurasa, kilipofika penye utepe, ikaonekana ndani yake taa ya tyubu ya darini, imenyooka, imekamilika, hadi vishikio vyake viwili. Hapakuwa na ugonjwa wa macho. Kamera ilikuwa ikiitazama taa kupitia atlasi.

Karatasi ya kawaida ina uso wa nyuzinyuzi, hivyo nuru inayoigonga hutawanyika kila upande, na lenzi hupata sehemu ndogo tu kutoka kila taa. Karatasi inayong'aa hutawanya nuru pia, ndiyo maana tunaona rangi zake, lakini juu yake kuna tabaka laini linalorudisha sehemu ya nuru kwa pembe ile ile iliyojia. Taa ikiwa mahali ambapo pembe hiyo inaishia kwenye lenzi, sehemu hiyo ya nuru hufunika wino wote.

Kwa karatasi iliyolala tambarare, mahali pa utepe panaweza kupigiwa hesabu. Chukua umbali wa mlalo kutoka chini ya lenzi hadi chini ya taa, zidisha kwa kimo cha lenzi, kisha gawanya kwa jumla ya kimo cha lenzi na kimo cha taa, vyote vikipimwa kutoka juu ya meza:

```
x = d × h / (h + H)
```

Safu ya taa ilikuwa sentimita 180 juu ya meza (H), na sentimita 40 kutoka usawa wa lenzi (d), upande alioketi mwalimu. Lenzi ilikuwa kimo cha sentimita 40 (h). Jibu ni 40 × 40 ÷ 220, yaani sentimita 7.3. Nilipima kwa rula kutoka katikati ya ukurasa kushuka chini: katikati ya utepe ilikuwa sentimita 7 na kitu. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza taa ya kichwani mwa kamera. Taa ile iko sentimita 3 hivi kutoka kwenye lenzi, kwa kimo kile kile, kwa hiyo taswira yake huangukia sentimita 1.5 kutoka katikati. Haiwezi kuangukia kwingine kokote isipokuwa katikati ya ukurasa. Kwa karatasi isiyong'aa ni taa ya msaada. Kwa atlasi ni adui aliyefungwa kwenye kifaa kiwandani.

Maamuzi, na sababu zake

Nusu ya ukurasa wa A4 kwa urefu ni sentimita 14.85. Ili utepe utoke nje ya karatasi, ilibidi jibu la hesabu lizidi hapo. Kwa lenzi ya kimo cha sentimita 40, taa inapaswa kuwa zaidi ya sentimita 82 kutoka usawa wa lenzi. Yetu ilikuwa 40. Kwa vile taa haihami, meza ndiyo ihame, kuelekea kwa wanafunzi.

Waya wa projekta uliruhusu sentimita 50 tu. Hivyo d ikawa 90, na utepe ukasogea hadi sentimita 16.4: nje ya ukurasa, kwa upenyo wa sentimita moja na nusu. Safu ya pili ya taa, iliyokuwa upande wa wanafunzi, nilihakikisha bado iko mbali kiasi cha kutosha, maana ni rahisi kukimbia taa moja ukaangukia nyingine. Nikaweka simu tena pembe zote nne za ukurasa. Hakuna taa. Tukafungua atlasi, ramani ikatoka na rangi zake zote, hata ule ukijivu ukaondoka. Kumbe ulikuwa kazi ya kamera yenyewe: iliona utepe mkali, ikadhani eneo lote lina mwanga mwingi, ikapunguza mwanga kote.

Nilijiona bingwa kwa siku moja.

Kesho yake, kipindi cha mchana, mwalimu aliniita tena. Safari hii weupe haukuwa utepe. Ulikuwa kama mbavu, umepinda, umesimama wima karibu na mshono wa kitabu. Nikasogeza kitabu, nao ukasogea pamoja nacho. Basi hapa karatasi ndiyo ilikuwa na neno.

Nikaona jambo ambalo lilinisaidia kuliko hesabu yoyote: kurasa za kushoto zilikuwa salama, za kulia ndizo zilizokuwa zikiumwa. Kitabu kinene kikifunguliwa, kurasa hazilali tambarare. Karibu na mshono hushuka kama mteremko. Ukurasa wa kulia, penye mteremko huo, uso wake huelekea kushoto, na ule wa kushoto huelekea kulia. Kushoto kulikuwa na dirisha. Kulia kulikuwa na ukuta. Na mimi, kwa kusogeza meza ili niikimbie taa, nilikuwa nimeileta usawa wa dirisha la kwanza, ambalo hapo awali lilikuwa mbele yake.

Wengi hatukumbuki kwamba karatasi ikiinama kiasi fulani, nuru inayorudi hugeuka mara mbili ya kiasi hicho. Mteremko wa nyuzi 10 tu huipeleka macho ya kamera nyuzi 20 pembeni. Karibu na mshono mteremko hufika nyuzi 20 na zaidi, na hapo kamera haitazami dari tena, inatazama nusu ya juu ya dirisha. Ndiyo maana hesabu yangu ya ukurasa tambarare ilikuwa sahihi na bado nikashindwa: sikuwa na ukurasa tambarare.

Tulifanya mambo mawili. Pazia la dirisha lile moja likafungwa, mengine yakaachwa wazi. Na atlasi ikalazwa upya: tukaweka daftari chini ya upande wenye kurasa chache ili pande zote mbili ziwe kimo kimoja, na mwalimu akawa anaubonyeza ukurasa karibu na mshono kwa rula ya plastiki isiyong'aa kabla ya kuanza kueleza. Mbavu ikapungua hadi ukanda mwembamba ndani kabisa ya mshono, mahali ambapo ramani haina kitu.

Niliwaza kuinyanyua lenzi pia, nikaliacha hadi wiki iliyofuata. Lilikuwa jambo la maana kuliko nilivyodhani, nitalirudia chini.

Kichujio kilichoshindwa

Hapa pana kipande ambacho ningeweza kukiruka, lakini kila ninaposimulia kisa hiki kuna mtu huuliza. Mwalimu mwenzetu anayependa kupiga picha alileta kichujio cha duara cha kufunga mbele ya lenzi, kile cha kuondoa mng'ao juu ya maji na vioo vya magari. Wakati huo utepe bado ulikuwepo. Tukakishika mbele ya lenzi ya kamera ya nyaraka, tukakizungusha mzima. Picha ikawa giza zaidi. Utepe ukabaki.

Kichujio kile si kibovu, tulikiweka kwenye kazi isiyo yake. Nuru inayorudishwa na uso laini usio chuma huwa na mpangilio unaoweza kuchujwa pale tu inaporudi kwa mshazari mkubwa, nyuzi 56 hivi kutoka wima kwa vitu kama kioo na plastiki. Mpiga picha anayetazama ziwa yuko karibu na pembe hiyo. Kamera ya nyaraka hutazama chini moja kwa moja. Utepe wetu ulikuwa nyuzi 10 tu kutoka wima, na kwa pembe hiyo nuru iliyorudi haina mpangilio wowote wa kushikika.

Kuna namna ya kukifanya kifanye kazi hata ukitazama wima: unaweka utando wa aina hiyo hiyo mbele ya taa pia, halafu unakizungusha kile cha kwenye lenzi hadi viwili hivyo vikingane. Watu wanaopiga picha michoro ya rangi ya mafuta hufanya hivyo, na mng'ao hufa kabisa. Lakini inabidi taa zote zinazoonwa na karatasi ziwe na utando, za darini zikiwemo, na mwanga unaobaki ni robo au chini ya hapo. Kwa darasa lenye swichi moja ya taa, tuliliacha.

Fokasi

Mng'ao ulipoondoka, tatizo la pili lililokuwa limejificha nyuma yake likajitokeza. Kila mara mwalimu alipoingiza mkono kuonyesha mto au barabara, picha iliyeyuka. Kamera ilihama kutoka kwenye ukurasa kwenda kwenye vidole, ikarudi kwenye ukurasa, sekunde mbili au tatu za ukungu. Kwa dakika 40 za kipindi, mkono ukiingia na kutoka mara kadhaa kila dakika, darasa halikuwa na picha iliyotulia.

Kamera nyingi za aina hii huja zikiwa zimewekwa zitafute fokasi zenyewe wakati wote. Yetu ilikuwa na kitufe cha AF, na kwenye menyu palikuwa na chaguo la kuzima utafutaji wa kila mara ili itafute tu inapobonyezwa. Tukaweka hivyo. Mwalimu akazoea utaratibu mmoja: weka kitu, toa mkono, bonyeza, subiri itulie, kisha endelea. Vidole vikaingia na kutoka bila kubadili chochote. Vilionekana na ukungu kidogo vikiwa juu juu, lakini hakuna anayesoma vidole.

Gharama yake ni kwamba lazima ukumbuke kubonyeza tena kimo kikibadilika. Ukifungua atlasi mwanzoni na baadaye mwishoni, ukurasa unaoonyesha hupanda au kushuka karibu sentimita 3. Lenzi ikiwa juu sana hutaona tofauti kubwa, ikiwa chini utaona kontua zimeanza kuungana. Mwalimu alisahau mara mbili tatu, kisha mwanafunzi mmoja wa mbele akajitwika kazi ya kumkumbusha.

Kadi za laminesheni zilikuwa na kituko chao. Tulipozijaribu kabla ya kuhamisha meza, picha ya tyubu ilionekana imechorwa kwa makali, ukingo wake safi, huku maandishi ya kadi yakiwa na ukungu. Kamera ilikuwa imefokasi kwenye taa iliyoakisiwa! Taswira kwenye kioo haiko juu ya kioo, ina umbali wake: sentimita 40 kutoka lenzi hadi kadi, na 180 kutoka kadi hadi taa, jumla zaidi ya mita 2. Kamera hutafuta mahali penye tofauti kali ya weupe na weusi, na hakuna tofauti kali kuliko ukingo wa taa inayowaka. Karatasi ya atlasi haikufanya hivyo kwa sababu taswira yake ilikuwa imefifia yenyewe. Ukiona ukingo wa mng'ao ni mkali kuliko maandishi, usipoteze muda na vitufe vya fokasi. Ondoa taswira kwanza, kisha bonyeza.

Matokeo

Baada ya wiki mbili mpangilio ulikuwa umekaa. Meza ilibaki sentimita 50 mbele ya pale ilipokuwa. Kitako cha kamera na pembe nne za ukurasa viliwekewa alama kwa utepe wa gundi mezani, maana mfanya usafi alikuwa akisogeza kila kitu jioni, na sentimita chache tu zilitosha kumaliza ule upenyo wetu mdogo.

Ndipo nikainua lenzi. Nilifanya hivyo baada ya kuitwa asubuhi moja: utepe umerudi, mstari mwembamba chini kabisa ya ukurasa. Meza ilikuwa imerudi nyuma kwa upana wa kiganja. Nikaweka boksi gumu chini ya kitako cha kamera, lenzi ikafika sentimita 60, kisha nikaivuta picha karibu kwa kitufe hadi ukurasa ujae tena. Kwa kimo hicho utepe unaangukia sentimita 22.5 kutoka katikati, na upenyo wetu ukawa zaidi ya sentimita 7 badala ya moja na nusu. Kuvuta picha karibu kwa njia ya kukata kingo hupunguza undani, lakini kamera ile ilikuwa ya megapikseli 8 na projekta ilionyesha pikseli 1920 kwa 1080. Hata baada ya kukatwa, picha ilikuwa na pikseli nyingi kuliko zile ambazo projekta ingeweza kuzionyesha. Kamera yenye pikseli chache isingevumilia.

Kadi za laminesheni hatukuzishinda. Zilikuwa zimejikunja pembeni kwa joto, na kila pembe iliyoinuka ilipata taa yake au dirisha lake. Tulijaribu taa ya meza ya pembeni, sentimita 50 kutoka katikati na sentimita 30 juu ya meza. Kwa kadi tambarare ni mahali salama, maana taswira yake huangukia nje kabisa ya kadi. Kwa kadi iliyopinda, pembe moja iliing'amua hata hiyo. Mwalimu akatoa nakala za ramani zile kwenye karatasi ya kawaida, kadi zikarudi kabatini.

Mwanafunzi yule wa nyuma alisoma 1,340 bila kusita. Mwalimu alimwomba radhi mbele ya wenzake, jambo ambalo halikuwa kwenye kazi yangu lakini nililiona.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni mfuatano wa uchunguzi: kusogeza karatasi kwanza, kisha kioo. Majaribio manne ya mwalimu hayakuwa ya kijinga. Yalikosa kitu kimoja, hakujua ni taa ipi. Mapazia yalifungwa kwa tatizo la dari, na laiti yangefungwa siku ya pili yangekuwa dawa. Simu iliyozimwa juu ya ukurasa ingempa jibu kabla wanafunzi hawajakaa.

Nilikosea mara mbili zaidi ya lile kosa la karatasi ya majaribio. Nilihamisha meza bila kupitisha kioo kwa ukurasa ulioinama. Niliridhika na kioo kilicholala, ilhali kitabu hakilali. Siku hizi naishika simu kwa mkono, naiinamisha taratibu kushoto, kulia, mbele na nyuma hadi nyuzi 20 hivi, na kila kitu chenye mwanga kinachotokea ndani yake nakihesabu kuwa kitaonekana siku moja kwenye ukurasa uliovimba.

Kosa la pili ni kuanza na meza badala ya lenzi. Kuinua lenzi peke yake kusingetosha: kwa kimo cha sentimita 60 na meza mahali pake pa zamani, utepe ungehama kutoka sentimita 7 hadi 10 tu, bado ndani ya ukurasa. Lakini ningeinua kwanza, meza ingehitaji kuwa umbali wa sentimita 60 hivi kutoka taa badala ya 82, yaani kusogezwa sentimita 20 tu na kidogo cha kujihami. Huenda isingefika usawa wa dirisha kabisa, na mbavu za siku ya pili nisingezijua.

Swichi ya pekee kwa safu ya mbele ya taa ingemaliza sehemu kubwa ya haya kwa bisibisi na nusu saa ya fundi umeme. Niliiomba. Nilipoondoka shuleni pale ombi lilikuwa bado mezani kwa mtu, na boksi lilikuwa bado chini ya kamera.